Riakta ya laini na hamoniki za draivu katika kiwanda kidogo Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wenye viwanda vidogo vya kukamua mawese na mise, pamoja na mafundi umeme wanaowahudumia, huyarudia kila draivu ya kubadili kasi ya mota inapofungwa. Ili majibu yashikamane, hesabu zote zinatumia kiwanda kimoja cha mfano kilichoko pembezoni mwa Kigoma: transfoma ya kVA 100 yenye ukinzani wa asilimia 4, umeme wa fezi tatu wa volti 400, jenereta ya akiba ya kVA 60, na mashine ya kukamulia yenye mota ya kW 22 inayoendeshwa kwa draivu. Mashine hiyo ikibeba mzigo kamili, draivu huvuta takriban ampea 36 za mkondo wa 50 Hz.

## Misingi

1. Hamoniki ni nini, na draivu inazitoa wapi?

Mota iliyounganishwa moja kwa moja kwenye laini huvuta mkondo wenye wimbi laini linalofuata wimbi la volteji. Draivu haifanyi hivyo. Umeme unapoingia hupita kwanza kwenye rektifaya ya dayodi sita, kisha hujaza kapasita kubwa zilizo ndani, na kutoka hapo ndipo mota hutengenezewa umeme wa masafa mapya. Dayodi hupitisha mkondo pale tu volteji ya laini inapozidi volteji iliyomo kwenye kapasita, yaani karibu na ncha ya wimbi. Matokeo yake ni kwamba draivu huvuta umeme kwa mikupuo mifupi na mirefu kwa kimo, miwili katika kila nusu ya wimbi, na katikati ya mikupuo hiyo haivuti karibu chochote.

Mkondo wa namna hiyo ni sawa na jumla ya mkondo safi wa 50 Hz pamoja na mikondo mingine ya masafa ya juu zaidi, na hiyo mingine ndiyo hamoniki. Rektifaya ya dayodi sita hutoa hasa hamoniki ya 5 (250 Hz), ya 7 (350 Hz), ya 11 (550 Hz) na ya 13 (650 Hz), kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyoitangulia. Mikondo hii haizungushi mota. Hutoka kwenye draivu na kurudi kuelekea transfoma au jenereta, na njiani hupasha kebo joto na kuikunja volteji ambayo mashine nyingine zote kiwandani zinaitumia.

2. Riakta ya laini ni kifaa gani?

Ni koili tatu za waya mnene, moja kwa kila fezi, zilizozungushwa kwenye chuma kimoja chenye nafasi ndogo ya hewa katikati. Hufungwa kabla ya draivu, upande wa umeme unaoingia. Koili hupinga badiliko la haraka la mkondo, kwa hiyo mkupuo uliokuwa mfupi na mrefu hulazimika kuwa mpana na mfupi kwa kimo. Kapasita za draivu hupata kiasi kilekile cha nishati, lakini kwa muda mrefu zaidi katika kila wimbi, na hamoniki hupungua kwa sababu hiyo.

Riakta haina saketi ya kielektroniki, haihitaji kupangwa, na ikichaguliwa vizuri hukaa miaka mingi bila kuguswa. Hata hivyo, si kichujio kamili: inapunguza hamoniki, haiziondoi.

3. Riakta huuzwa kama ya “asilimia 3” au “asilimia 5”. Ni asilimia ya nini?

Ni ukinzani wa riakta ukilinganishwa na ukinzani wa mzigo wenyewe katika mkondo ulioandikwa kwenye kibao chake. Kwa draivu yetu, volteji ya fezi ni volti 231. Ukigawanya kwa ampea 36 unapata ohmu 6.4. Asilimia 3 yake ni ohmu 0.19, ambayo kwa 50 Hz ni induktansi ya takriban mH 0.6.

```
L = (0.03 × 231 / 36) / (2 × 3.14 × 50) ≈ 0.00061 H
```

Jambo la kushika hapa ni kwamba asilimia hiyo imefungamana na mkondo. Riakta ileile ya ampea 36 ikiwekwa mbele ya draivu inayovuta ampea 12, kwa draivu hiyo ni riakta ya asilimia 1 tu, na manufaa yake hupungua kwa kiasi hichohicho. Makosa mengi ya ununuzi huanzia hapa, kwa sababu mnunuzi hudhani kwamba riakta kubwa zaidi ni bora zaidi. Riakta huchaguliwa kwa mkondo wa draivu inayoihudumia.

## Kiwanda kikitumia transfoma

4. Tusipofunga riakta, ni nini hasa kinachotokea?

Transfoma yenyewe ina ukinzani, na ukinzani huo tayari hufanya sehemu ya kazi ya riakta. Mkondo kamili wa transfoma ya kVA 100 ni ampea 144. Ukinzani wake wa asilimia 4, ukipimwa kwa macho ya draivu inayovuta ampea 36 tu, unakuwa asilimia 1. Draivu isiyo na choki ya ndani, yaani koili ya kulainisha mkondo, ikiwa mbele ya ukinzani wa asilimia 1, kwa kawaida hutoa hamoniki ya 5 inayokaribia asilimia 60 ya mkondo wa msingi, na jumla ya hamoniki zote, ile inayoandikwa THD kwenye kipimo, hukaribia asilimia 72.

Kwa ampea, maana yake ni hii: mkondo wa 50 Hz ni 36, lakini mkondo unaopita kweli kwenye kebo na kuipasha joto ni takriban 44. Hamoniki ya 5 peke yake ni kama ampea 22. Mikondo hiyo ikipita kwenye ukinzani wa transfoma huharibu volteji ya kiwanda kizima kwa takriban asilimia 4.3. Bado si hatari, kwa kuwa kiwango cha IEEE 519 kinachotumiwa sana kama kipimo kinaruhusu hadi asilimia 8 kwenye umeme wa volti 1,000 kushuka chini, lakini ni draivu moja tu iliyofanya hivyo. Ukiongeza draivu ya pili ya ukubwa huo bila riakta, nafasi iliyobaki inakwisha haraka.

5. Tukifunga riakta ya asilimia 3, tunapata nini?

Ukinzani mbele ya draivu sasa ni asilimia 1 ya transfoma na asilimia 3 ya riakta, jumla 4. Hamoniki ya 5 hushuka hadi karibu asilimia 36, na THD ya mkondo hushuka hadi karibu asilimia 40. Mkondo kwenye kebo unakuwa takriban ampea 39 badala ya 44. Ampea tano zinaonekana kidogo, lakini joto la kebo hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo bila riakta joto hilo lilikuwa juu kwa kama asilimia 30. Uharibifu wa volteji unashuka kutoka asilimia 4.3 hadi takriban 2.2.

Kwa kiwanda kinachotozwa kwa kVA kuna faida nyingine ya wazi: mzigo wa draivu hii unashuka kutoka karibu kVA 31 hadi kVA 27, ingawa kazi inayofanyika kwenye mashine ni ileile.

Faida ya tatu haionekani kwenye kipimo cha hamoniki, lakini mimi huiona kuwa sababu ya kutosha ya kununua riakta hata pale ambapo hamoniki hazisumbui. Laini za umeme hupigwa na radi, na swichi za gridi hufunguliwa na kufungwa, hasa majira ya mvua. Kila tukio hutuma mruko mfupi wa volteji ambao, bila koili ya kuupunguza kasi, huingia moja kwa moja kwenye dayodi na kapasita za draivu. Draivu inayozima mara kwa mara kwa kosa la volteji kupita kiasi, ilhali mota haikuwa inapunguza kasi, mara nyingi inalalamikia miruko hiyo. Riakta hupunguza miruko. Haichukui nafasi ya kizuia radi.

6. Kwa nini tusiweke ya asilimia 5 moja kwa moja?

Kwa sababu faida inayoongezeka ni ndogo kuliko ile ya asilimia 3 za mwanzo, na gharama yake hulipwa kwa volteji. Kwa ukinzani wa jumla wa asilimia 4, THD ya mkondo ni karibu 40. Kwa jumla ya asilimia 5 ni karibu 35, na kwa jumla ya 6, yaani riakta ya asilimia 5 pamoja na transfoma, hushuka kidogo tu zaidi. Baada ya hapo mteremko unazidi kulala.

Volteji ya DC ndani ya draivu ikiwa na mzigo ni takriban mara 1.35 ya volteji ya laini: laini ya volti 400 hutoa 540, na laini iliyoshuka hadi 370 jioni hutoa 500 tu. Riakta ya asilimia 3 huondoa kama asilimia 1.5 nyingine chini ya mzigo kamili, na ya asilimia 5 huondoa karibu 2.5. Mahali ambapo kiwanda kiko mwisho wa laini ndefu na volteji hushuka kila jioni, kiasi hicho kidogo kinaweza kuifikisha draivu kwenye kikomo chake cha volteji ndogo, au kuifanya mota ikose nguvu ya kutosha karibu na kasi kamili. Katika mazingira hayo ushauri wangu ni asilimia 3. Pale volteji ilipo imara na draivu ni nyingi, asilimia 5 ina maana.

7. Draivu yetu inasemekana ina choki ya ndani. Je, bado tunahitaji riakta?

Soma kwanza kitabu cha draivu. Draivu nyingi za kati na kubwa zina choki kwenye upande wa DC, kati ya rektifaya na kapasita, nayo hupunguza hamoniki kwa kiasi kinachokaribia riakta ya laini ya asilimia 3 hadi 5. Nyingine hazina choki bali zina nafasi yake: vituo viwili, kwa baadhi ya draivu vikiandikwa P1 na P+, vilivyounganishwa kwa kipande cha shaba. Kipande hicho kikiwepo, choki haipo.

Choki ya DC haipotezi volteji ya wastani kama riakta, na hilo ni jema. Lakini imekaa nyuma ya dayodi, kwa hiyo haizikingi dayodi dhidi ya miruko ya laini iliyoelezwa katika swali la 5. Kiwanda chenye choki ya ndani na laini tulivu kinaweza kuishi bila riakta; chenye choki ya ndani na laini yenye misukosuko bado hufaidika na riakta ya asilimia 2 au 3.

## Kiwanda kikitumia jenereta

8. Kwa nini matatizo huanza tunapowasha jenereta, ilhali kwa umeme wa TANESCO kila kitu kilikuwa sawa?

Mji wa Kigoma uliishi kwa umeme wa dizeli kwa miaka mingi, na viwanda vingi bado vina jenereta zao nyuma ya karakana, kwa hiyo swali hili huulizwa kuliko yote. Jibu liko kwenye ukinzani wa chanzo. Kwa hamoniki, jenereta ya kVA 60 huwa na ukinzani wa ndani wa kama asilimia 12 hadi 15, mara tatu au zaidi ya ule wa transfoma, na tena jenereta yenyewe ni ndogo.

Fanya hesabu ya swali la 4 upya kwa asilimia 12. Mkondo kamili wa jenereta ni ampea 87, kwa hiyo kwa macho ya draivu yetu ukinzani wake ni asilimia 5. Ukinzani huo hufanya kazi ya riakta, na THD ya mkondo hushuka hadi karibu asilimia 35 bila hata kufunga kitu. Fundi anayepima mkondo peke yake ataandika kwamba jenereta imeleta nafuu. Apime na volteji: hamoniki ya 5 ya volteji itakuwa karibu asilimia 8, na THD ya volteji karibu asilimia 10, zaidi ya mara mbili ya ile ya transfoma. Mikondo imepungua, lakini kila ampea iliyobaki inapita kwenye ukinzani mkubwa zaidi na kuacha alama kubwa zaidi kwenye volteji.

Dalili zake zinatambulika. Kidhibiti cha volteji cha jenereta, hasa cha aina nyepesi kinachosoma fezi moja au ncha ya wimbi, husoma vibaya, volteji ikaanza kupanda na kushuka, na taa zikapepesa. Mota nyingine zilizounganishwa moja kwa moja, kama ya pampu ya maji ya boila, hupata moto kuliko kawaida, kwa sababu hamoniki ya 5 huunda uga unaozunguka kinyume na mota. Jenereta nayo huchemka ingawa amita yake haionyeshi mzigo mkubwa.

9. Je, riakta itaponya tatizo hilo la jenereta?

Itapunguza, na mara nyingi haitamaliza. Ukinzani wa jumla ukiwa tayari asilimia 5, kuongeza 3 hakuleti mteremko mkubwa kama ule wa swali la 5, na THD ya volteji katika mfano wetu itabaki juu ya asilimia 5. Ningependa mwenye kiwanda aambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Kinachosaidia zaidi ni uwiano wa jenereta na draivu. Jenereta ya kVA 120 yenye ukinzani uleule wa asilimia huwa na nusu ya ukinzani halisi, na volteji hutulia ipasavyo. Kama jenereta haiwezi kubadilishwa, kiwanda kinaweza kupunguza mzigo wa mashine inayoendeshwa na draivu wakati wa jenereta, au kuomba kidhibiti cha volteji kinachosoma fezi zote tatu na kupata nguvu yake kutoka sumaku ya kudumu badala ya volteji ileile iliyoharibika. Mizigo isiyo na draivu, ikiwashwa kwa pamoja, hunyonya sehemu ya hamoniki, lakini hulipa kwa joto lake yenyewe.

## Kapasita za kurekebisha pawa fakta

10. Tulifunga kapasita ili kupunguza kVA, na sasa fyuzi zake zinaungua. Je, draivu inahusika?

Kwa uwezekano mkubwa, ndiyo. Kapasita na transfoma kwa pamoja zina masafa yao ambapo huitikiana, na hamoniki inayoangukia hapo hukuzwa badala ya kupunguzwa. Masafa hayo hukadiriwa kwa kugawa uwezo wa mzunguko mfupi wa transfoma kwa ukubwa wa kapasita, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Transfoma yetu ina uwezo wa kVA 2,500, yaani 100 kugawa kwa 0.04.

```
h = √(2500 / 50) = 7.07
```

Kapasita za kvar 50 zimeangukia moja kwa moja kwenye hamoniki ya 7. Kwa bahati mbaya, kvar 50 ni chaguo ambalo mtu angelifanya bila kufikiri kwa kiwanda cha ukubwa huu. Kapasita hutoa ngurumo, huvimba, fyuzi huungua, na kapasita zikizimwa volteji husafika papo hapo. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote.

Riakta ya laini kwenye draivu hupunguza kinachokuzwa, lakini haiondoi mwitikio. Tiba ni riakta ya aina nyingine, inayofungwa kwa mfululizo na kapasita zenyewe, kwa kawaida ya asilimia 7, ambayo hushusha masafa ya mwitikio hadi 189 Hz, chini ya hamoniki ya 5. Kapasita zake lazima ziwe za volteji ya juu kidogo, kwa kuwa riakta hiyo huongeza volteji juu yake. Kumbuka pia kwamba draivu haihitaji kapasita hizo kabisa. Mkondo wake wa msingi tayari unakwenda sambamba na volteji. Na kapasita isifungwe kamwe kati ya draivu na mota.

## Kupima na kufunga

11. Klampu mita mbili zinatoa ampea tofauti kwenye kebo ileile. Ipi ni kweli?

Amini ile iliyoandikwa True RMS. Mita ya bei nafuu hupima wastani na kudhani wimbi ni laini, kwa hiyo kwenye mikupuo ya draivu husoma chini ya ukweli, wakati mwingine kwa robo au zaidi.

Tahadhari ya pili ni ya kipimo cha hamoniki chenyewe. Draivu ikiwa na mzigo mdogo, THD ya mkondo huonekana kubwa mno, pengine kupita asilimia 100, kwa sababu inagawanywa kwa mkondo mdogo. Andika ampea za kila hamoniki, pima mashine ikikamua kwa mzigo kamili, na pima volteji kwenye ubao mkuu, wala si kwenye vituo vya draivu peke yake.

12. Riakta ifungwe wapi?

Baada ya breka na kabla ya vituo R, S, T vya draivu, karibu na draivu. Huwa ya moto hata ikiwa nzima, na hunguruma kidogo, kwa hiyo iachiwe nafasi ya hewa juu na chini na isifungiwe ndani ya sanduku lisilopumua. Katika chumba cha kukamulia mawese, mvuke wa mafuta na vumbi la nyuzi za chikichi hujaza matundu ya hewa. Riakta iliyofunikwa na utando huo huzeesha kihami chake haraka. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na baada ya kuzima asubiriwe muda ulioandikwa kwenye draivu kabla ya kugusa vituo, kwa sababu kapasita hubaki na chaji.

## Hali za pekee

13. Je, riakta moja kubwa inaweza kuhudumia draivu tatu?

Inawezekana, lakini sipendekezi kwa kiwanda ambacho mashine haziendi pamoja. Kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 3, draivu moja ikibaki peke yake inaiona riakta hiyo kama theluthi ya asilimia zake. Aidha, draivu tatu zilizo nyuma ya riakta moja husumbuana zenyewe kwa zenyewe.

14. Tumepata riakta iliyotumika yenye maandishi 480 V, 60 Hz, asilimia 3. Inafaa hapa?

Inafaa, mradi ampea zake zilingane na za draivu. Masafa yakishuka kutoka 60 hadi 50, ukinzani hushuka kwa sehemu moja ya sita. Lakini volteji nayo imeshuka kutoka 480 hadi 400, sehemu moja ya sita vilevile, kwa hiyo asilimia inabaki 3. Kabla ya kuifunga, kagua kihami na upime koili zote tatu, zinapaswa kulingana.

15. Redio inakoroma draivu ikiwaka. Riakta itasaidia?

Kidogo sana. Mkoromo huo hutoka kwenye masafa ya juu mno kuliko hamoniki, na tiba yake ni kichujio cha mawimbi ya redio, kebo ya mota yenye ngao, na uunganishaji mzuri wa waya wa ardhi.

16. Draivu ndogo ya fezi moja inayoendesha mota ya kW 1.5 ina tofauti gani?

Tofauti kubwa ni hamoniki ya 3, yaani 150 Hz, ambayo draivu ya fezi tatu kwenye volteji zilizo sawa haitoi. Draivu tatu za fezi moja zikigawanywa kwenye fezi tatu, mikondo ya 50 Hz hufutana kwenye nyutro, lakini ya 150 Hz hujumlishana, na nyutro inaweza kubeba mkondo mkubwa kuliko fezi yoyote. Nyutro isiwe nyembamba kuliko fezi, na klampu mita ipitishwe juu yake pia. Riakta ya fezi moja husaidia kwa njia ileile ya swali la 2. Na iwapo draivu ya fezi tatu inaonyesha hamoniki ya 3, angalia kwanza kama volteji za fezi zimetofautiana au fyuzi moja imekatika, kwa maana rektifaya huwa inafanya kazi kama ya fezi moja bila mtu kujua mpaka dayodi zichemke.